Ijumaa ya Kadi za Kijani

Mkurugenzi wetu alipenda rangi ya kijani kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfanyia kazi, na simaanishi miti. Alinunua televisheni kubwa, akaitundika ukutani pale mapokezi, na badala ya mpira au habari ikawa inaonyesha ubao wetu wa kazi siku nzima. Kila kazi ya ofisi ilikuwa na kadi yake kwenye ubao huo. Kadi nyekundu haijaanzwa, ya manjano inafanywa, ya kijani imekamilika. Mgeni akiingia kuuliza bei ya tovuti ya kanisa, mkurugenzi alimsimamisha mbele ya ubao kwanza na kumwonyesha kijani kilivyotamalaki, kama mtu anayeonyesha shamba lake baada ya mvua.

Tulikuwa ghorofa ya pili, mjini Machakos, juu ya duka la dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na wateja. Tulitengeneza programu za vyama vya ushirika, na kazi yangu mimi ilikuwa ukaguzi. Kabla ya toleo jipya la programu kwenda kwa mteja, nilipitia kadi moja baada ya nyingine nikiuliza mambo matatu. Je, msimbo wa kazi hii, yale maandishi yanayoiendesha programu, umeingia kwenye tawi la toleo, yaani ile nakala hasa tutakayompa mteja? Je, umejaribiwa ukiwa humo ndani, wala si kwenye kompyuta ya aliyeuandika? Na kadi yenyewe, je, inasema ukweli kuhusu hayo mawili? Ni maswali ambayo mtoto wa darasa la pili angeyaelewa. Kwa sababu hiyo watu wazima hawakuyapenda, wakanibatiza Trafiki.

Sikukasirika kuitwa Trafiki. Nilikasirika kwamba wangenikuta kwenye ngazi na kuniambia, "Trafiki, leo usitusimamishe, tuko sawa," na kumbe hawako sawa hata kidogo. Kulikuwa na mmoja aliyeweka alama ya "imejaribiwa" akimaanisha amefikiria vizuri na haoni kwa nini isifanye kazi. Mwingine alijaribu kila kitu kwenye simu ya mkurugenzi, simu ya bei ya ng'ombe, ilhali makarani wa maziwa wa mteja wetu huko Mitaboni walikuwa na vile visimu vya kioo kilichopasuka ambavyo ukifungua vitu viwili, kimoja kinakufa. Halafu kulikuwa na kadi ya kubadilisha rangi ya nembo, ambayo ilijadiliwa kuliko katiba ya nchi.

Lakini ugonjwa wetu mkubwa haukuwa uvivu. Ulikuwa wema. Mkurugenzi, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alileta ofisini utaratibu aliouita mwethya, kama ule wa nyumbani ambapo majirani hukusanyika kumlimia mmoja leo na kesho wakahamia kwa mwingine. Siku ya toleo, aliyemaliza kadi zake humsaidia mwenzake kumaliza zake. Wazo zuri kabisa. Taabu ni kwamba ukienda kumlimia jirani, jioni shamba linaonekana limelimwa au halijalimwa. Kwenye ubao wetu, mtu angeweza kulima kwa kuburuta kadi kwa kidole kutoka kwenye manjano hadi kwenye kijani, akapumua, akaenda kunywa chai.

Na chai yenyewe ilikuwa na masharti. Ubao ukiwa kijani wote, mkurugenzi aliagiza chapati na maharagwe kutoka hoteli ya chini. Kadi moja ikibaki manjano, tulikunywa chai kavu. Sasa niambie, katika ofisi ya watu wenye njaa, nani atakayekuwa na kadi ya manjano.

Ijumaa ninayoisimulia tulikuwa na toleo la chama cha maziwa cha upande wa Mitaboni. Nitaeleza shida ya toleo hilo polepole, kwa sababu kuna mtu ambaye jina lake lilining'inia humo.

Kule chamani, mkulima huleta maziwa asubuhi, karani anapima uzito na kuuandika kwenye simu, kisha anachota kidogo na kutia kwenye chupa ndogo yenye namba. Chupa zinapelekwa kwenye kituo cha kupozea, mashine inaonyesha kama maziwa yametiwa maji, na majibu yanaingia kwenye programu yetu. Programu ndiyo inayojua chupa ipi ni ya nani. Wanachama wenyewe, kwa hasira ya kuibiwa na wenzao, walikuwa wamepitisha sheria mkutanoni: mtu akikutwa na maji mara tatu, simu ya karani itakataa namba yake, na maziwa atakayoleta siku hiyo yatamwagwa pale langoni, foleni nzima ikitazama.

Mwenye kumwagiwa alikuwa mama mmoja mjane, mwanachama tangu chama kikiwa kibanda cha mabati. Alikuja ofisini kwetu yeye mwenyewe, amevaa sweta ya kanisani na viatu vya mvua, akakaa kwenye benchi chini ya ile televisheni, na kukataa soda. Nikamsalimu, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Habari ya asubuhi, mwaitu."

"Nzuri. Wewe ndio unaandika hiyo kitu ya simu?"

"Mimi naikagua, mwaitu."

"Basi haukuikagua," akasema. "Mimi nina ng'ombe wawili na sina hata tangi la maji. Hayo maji ya kutia kwa maziwa ningetoa wapi, na ya kunywa ninabeba kwa mgongo?"

Nilimwomba anieleze asubuhi zake zinavyokwenda, akanieleza kila kitu, mpaka jina la ng'ombe. Nikasikia jambo. Kila siku karani alipoandika uzito, mama huyu alimwambia apime tena, kwa maana mizani ile haikuwa na adabu. Karani alikuwa ameshaanza na mtu wa nyuma yake. Akanung'unika, akarudi kwenye ukurasa wa mama, akasahihisha uzito, kisha akaendelea. Hapo ndipo palipooza. Karani akirudi nyuma kusahihisha, programu yetu ilisahau ilikuwa imefika wapi, na chupa ya mtu wa nyuma ikaandikwa kwa jina la yule aliyesahihishiwa. Mwenye kukubali mizani bila kusema neno hakuguswa. Aliyebisha alibandikwa maji ya mwenzake.

Tulikuwa tumetengeneza kitu kinachowaadhibu wabishi peke yao, na hatukuwa tumekusudia. Serikali nyingi hutumia pesa nyingi kupata kitu kama hicho.

Basi tukaandika kadi. Ya kwanza tuliiita kadi ya chupa: kurekebisha namna programu inavyomuunganisha mkulima na chupa yake. Ya pili ilikuwa ya kurudi kwenye kumbukumbu za zamani na kuzipanga upya kwa kutumia marekebisho hayo hayo, kwa kuwa simu ilikuwa imehifadhi kila mara karani alipobonyeza na saa aliyobonyeza. Ya tatu ilikuwa ya kumtumia kila mwanachama ujumbe mfupi: kumbukumbu zako zimehakikishwa, na matokeo yako ni haya. Ikafuata mikia midogo midogo ya kadi nyingine, pamoja na ile nembo. Jumamosi kungekuwa na mkutano mkuu wa chama. Katibu wa chama, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kituo kizima cha basi, alikuwa ameahidi kwamba siku hiyo mambo ya yule mama yatanyooshwa mbele ya wanachama wote, kwa maana alimwagiwa mbele ya wote. Kwa hiyo toleo lilipaswa kutoka Ijumaa.

Ijumaa kabla ya chakula cha mchana ubao ulikuwa kijani kitupu. Mkurugenzi alisimama mbele yake mikono kiunoni. Akaupiga picha na simu yake ya bei ya ng'ombe, akamtumia katibu wa chama, na chini yake akaandika kwamba kwa neema ya Mungu kazi imekamilika. Kisha akatukusanya kwa ile sala yake ya toleo. Alimshukuru Mungu kwa vijana wenye vipaji, akakabidhi seva mikononi mwake, akakemea kila roho ya kukatikakatika kwa mtandao. Sote tukasema amina. Harufu ya chapati ilikuwa imeanza kupanda ngazi, ikishindana na dawa ya kupe.

Mimi nilisema amina nikiwa bado nimekaa, kompyuta magotini, kwa kuwa sikuwa nimemaliza. Nilikuwa nimetoa kwenye tawi la toleo orodha ya kila badiliko lililoingia tangu toleo lililopita. Kwa kanuni yetu, kila badiliko hubeba namba ya kadi yake. Unaweka orodha hii huku, kadi huku, na unaoanisha. Kadi ya nembo ipo. Kadi ya ujumbe mfupi ipo. Kadi ya kumbukumbu za zamani ipo. Kadi ya chupa nikaitafuta, nikaitafuta, haipo.

Nikadhani mtu amesahau kuandika namba, maana hilo hutokea. Nikaufungua msimbo wenyewe, pale mahali pa kumuunganisha mkulima na chupa. Ulikuwa ule ule wa zamani, umejikalia, kama mpangaji aliyeambiwa ahame na hajahama. Nikafungua ombi la kuingiza marekebisho. Lilikuwa wazi. Lilikuwa limeidhinishwa, ndiyo, lakini halikuwa limeingizwa. Liligongana na mabadiliko ya mtu mwingine, na mkaguzi wa msimbo, mwenzetu anayeusoma kabla haujaingizwa, alikuwa ameacha swali ambalo halijajibiwa: je, karani akirudi nyuma mara mbili kwa mkulima yule yule, itakuwaje?

Na kadi ilikuwa kijani. Imeingia, tiki. Imejaribiwa, tiki.

Nilitazama nani ameifunga. Haikuwa yule kijana aliyepewa kazi hiyo; yeye alikuwa ameondoka tangu jana kwenda Ekalakala kumzika mjomba wake. Aliyeifunga ni jirani yake wa meza, mtu mpole kuliko wote ofisini, anayekumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtu.

"Wewe ndio umefunga kadi ya chupa?" nikamwuliza.

"Eee. Nilimwambia asijali, aende tu azike, mimi nitamfungia."

"Na imejaribiwa na nani?"

"Niliona ikifanya kazi kwa laptop yake Jumanne. Ilikuwa imeweza sana."

"Kwa laptop yake."

"Sasa ningefanyaje? Mtu amefiwa. Ningemwachia kadi ya manjano na amefiwa?"

Hapo ndipo nilipoelewa tumefika wapi kama ofisi. Kadi ya manjano ilikuwa imekuwa aibu, kitu ambacho humwachii mtu mwenye matanga. Jirani yule alikuwa ametoa rambirambi zake kwa kuburuta kadi. Ningempiga kofi, na pia ningemkumbatia, na kwa kuwa vyote viwili havikubaliki kazini nikaenda kwa mkurugenzi.

Alikuwa ameshashika chapati.

"Bosi, toleo haliwezi kwenda."

"Madam, kadi si zote ni kijani?"

"Kadi ni kijani. Kazi ndio haiko."

"Haiko wapi?"

"Haiko ndani. Marekebisho ya chupa hayajaingia kwa tawi la toleo. Tukituma hivi tulivyo, ile programu ya kupanga kumbukumbu upya itatumia msimbo wa zamani. Itapanga makosa yale yale, halafu iyapige muhuri. Yule mama atapata ujumbe leo jioni unasema imehakikishwa kwamba alitia maji. Kesho katibu ataenda kuusoma mbele ya watu."

Alitafuna polepole. Kwa haki yake niseme kwamba alielewa. Hakuwa mjinga, alikuwa tu mtu aliyezoea kusifiwa. Nilimwona akielewa, kisha nikamwona akilikumbuka lile jambo la picha.

"Lakini nimeshatuma picha," akasema.

"Najua."

"Na tumeshaomba."

"Bosi, sala haikuwa na shida. Ni msimbo."

"Sasa hatuwezi kutuma hii, halafu Jumatatu tutume nyingine ya kurekebisha? Watu wengi hufanya hivyo."

"Jumatatu mkutano utakuwa umeisha. Mama atakuwa ameitwa mwizi mara ya pili, na safari hii na kompyuta."

Nikarudi kwenye meza yangu, nikashika kadi ya chupa, nikaiburuta kutoka kwenye kijani hadi kwenye manjano. Kule mapokezi televisheni ikabadilika. Mtu mmoja akaguna. Kisha nikaifuata ile ya kumbukumbu za zamani, maana yenyewe iliitegemea ya chupa na hakuna aliyekuwa ameijaribu pamoja nayo, nikaiburuta pia. Na ya ujumbe mfupi. Mhudumu wa hoteli aliyekuwa akipanga sahani alitutazama kama watu waliopata habari ya msiba.

"Trafiki ametuwekea misumari barabarani," akasema mmoja kwa sauti ya chini. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Tulimpigia kijana wa Ekalakala. Alipokea akinong'ona, nyuma yake nilisikia wimbo wa kanisani na majembe yakigonga udongo. Nilimpa pole, nikamwuliza kama kadi ya chupa imeingia.

"Haijaingia," akasema. "Ilikuwa imebaki lile swali la kurudi mara mbili. Nilikuwa nimeiacha manjano. Kwani nani ameifunga?"

"Wacha tu. Zika mjomba wako. Tutaimalizia hapa."

Basi huo ndio uliokuwa mwethya wa kweli wa kwanza niliouona katika ofisi ile. Jirani mpole alivuta kiti, uso umemwiva, akaanza kuondoa ule mgongano: mstari kwa mstari, upi ubaki, upi uondoke. Mkaguzi wa msimbo alikaa ubavuni mwake akimwuliza maswali. Wakaandika jaribio la karani anayerudi nyuma mara mbili. Likashindwa. Kwa hiyo lile swali halikuwa la ubishi. Hata hayo marekebisho, kama yangeingia jinsi yalivyokuwa Jumanne, yangemwangusha yule mama siku yoyote ambayo angesema "pima tena" mara mbili. Na mimi nilikuwa nimeongea naye. Mara mbili kwake ni siku ya upole.

Wakarekebisha. Jaribio likapita. Wakaingiza kwenye tawi la toleo, na namba ya kadi nikaiona kwa macho yangu kwenye orodha. Tukajenga programu upya kutoka kwenye tawi hilo, tukaiweka kwenye kisimu cha kioo kilichopasuka, kile kile kama cha makarani. Duka la chini lilitupa vichupa vitupu vya dawa ya kuku. Nikavibandika namba, nikavipanga kwenye meza ya chai kati ya makombo, nikawa karani. Mkaguzi wa msimbo akawa mkulima wa kwanza, jirani mpole akawa wa pili, na mkurugenzi, kwa kukosa mtu, akawa wa tatu.

"Uzito wako," nikamwambia jirani, nikauandika.

"Pima tena," akasema.

Nikawa nimeshaanza na mkurugenzi. Nikarudi, nikasahihisha. "Pima tena," akasema tena, na safari hii nadhani alikuwa akisema kwa moyo. Nikarudi. Kisha nikachukua chupa ya mkurugenzi na kuisajili, tukatazama. Chupa ya mkurugenzi ilikaa kwa jina la mkurugenzi. Tuliurudia mchezo kwa kila namna, na mtandao ukiwepo na ukiwa umezimwa, mpaka mkurugenzi akachoka kusimama kwenye foleni. Alisema hakujua wakulima wanasimama muda mrefu hivyo. Nikamwambia ng'ombe wa kweli pia hukamuliwa kwanza.

Tukaendesha programu ya kumbukumbu za zamani kwenye nakala ya data ya chama. Nikaenda moja kwa moja kwenye namba ya mama. Siku zake zote zilikuwa safi. Nikakaa nikiangalia ile safu ya siku safi, na macho yakaniuma. Yale maji yalikuwa yamehamia kwa mtu wa nyuma yake kwenye foleni, mwanachama mwenye sauti kubwa, mmoja wa wale waliopendekeza sheria ya kumwaga.

Hapo nikazirudisha kadi kwenye kijani, moja moja, na kila moja nikaandika chini yake nani ameijaribu, kwenye nini, na toleo gani. Kabla toleo halijaondoka nilimwambia mkurugenzi ampigie katibu na kumweleza kwamba ile picha ya mchana haikuwa kweli wakati ilipotumwa. Alilalamika kwamba sasa ni kweli, kwa hiyo kuna haja gani. Nilisimama mbele yake mpaka akapiga. Katibu alimsikiliza, kisha akamwambia kitu ambacho sikukisikia, lakini mkurugenzi akasema "pole" mara nyingi. Toleo likatoka kabla ya makarani kufunga siku. Hakuna aliyeomba sala ya pili. Chapati zilikuwa zimepoa na watu walizila hivyo hivyo, wamesimama.

Jumamosi nilienda Mitaboni na mkurugenzi. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa chama, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki na kwenye nyasi. Katibu hakuzunguka. Alimsimamisha mama, akasoma ujumbe wake kwa ile sauti yake: matokeo yamehakikishwa, maziwa yake hayakuwa na maji siku yoyote. Akasema chama kilikosea. Watu wakapiga makofi, wengine wakitazamana. Yule mwanachama wa nyuma yake kwenye foleni hakuwepo. Nilisikia ana mgonjwa.

Ingeishia hapo ingekuwa heri. Lakini mkurugenzi aliomba dakika moja, na mtu mwenye projekta huwa haombi dakika moja kwa kweli. Alitundika shuka kwenye ukuta wa jengo la chama, akaonyesha picha ya ubao, ile mpya. Akaeleza rangi. Akaeleza kwamba katika kampuni yetu nyekundu ikigeuka kijani ina maana jambo limekwisha kabisa, na kwamba jambo la mama sasa, kama wanavyoona wenyewe, ni kijani. Akamgeukia mama akitabasamu, akamwuliza kama ameridhika.

Mama alikuwa bado amesimama. Aliutazama ule ubao kwenye shuka kwa muda, bila haraka.

"Hayo maziwa yangu mlimwaga pale langoni," akasema, "yako wapi kwa hiyo picha? Hiyo siku yote, mpaka watoto wa shule wakinipita wakisema 'mama maji', iko rangi gani?"

Mama hakungoja jibu. Alifunga leso yake vizuri, akasema anaenda kulisha ng'ombe, akapita katikati ya viti na watu wakasogeza miguu. Hakurudi kuleta maziwa chamani. Nasikia sasa anauzia hoteli moja pale sokoni, na wanampimia mara nyingi kadiri atakavyo.

Jumatatu nilifungua kadi mpya. Nikaandika: kwenda nyumbani kwa mama na kumwomba msamaha. Nikamkabidhi mkurugenzi. Nilidhani atanifukuza kazi. Hakunifukuza, alikaa nayo nyekundu wiki nzima pale mapokezi, wageni wakiisoma, na ubao ukakosa kijani kitupu na sisi tukakosa chapati. Kisha asubuhi moja nikaikuta kijani.

Nilimwendea nikamwuliza yale yale ninayowauliza wote. Akasema alimtumia ujumbe mfupi kupitia mfumo wetu, mrefu na wa heshima, na umeonyesha umefika. Nikairudisha kadi kwenye manjano mbele ya macho yake.

Alienda. Nilimwona akitoka na gari siku ya kazi, bila tai, na mfuko wa sukari na unga kwenye kiti cha nyuma. Alirudi mchana, viatu vimejaa matope. Alikaa mbele ya ubao. Aliiburuta kadi hadi kwenye safu ya kusubiri uhakiki, ile ya pembeni ambayo hakuna aliyewahi kuitumia, akaiacha hapo, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Bado iko hapo. Kila toleo nikikagua naikuta, naisoma, naipita. Siwezi kuifunga mimi, na yeye pia hawezi. Mwenye kuihakikisha ni mama, naye hajasema neno.